Homa Ina Siku Yake

Mchoro wa kwanza tuliowaonyesha kina mama ulikuwa wa paja la mtoto. Limevimba kidogo, lina alama nyekundu pale sindano ilipoingia. Mchoraji alilichora vizuri kwa wino, paja peke yake katikati ya karatasi, kuanzia nyonga hadi goti. Mama mmoja aliyekuwa amempakata mwanawe kwenye benchi la zahanati aliitazama karatasi ile kwa muda, kisha akauliza mtoto huyu alikatwa mguu kwa sababu gani. Mwenzake akajibu kwamba labda ndiyo yaliyompata baada ya chanjo.

Tuliichana karatasi ile siku hiyohiyo. Mchoro wa pili ulimwonyesha mtoto mzima, ana uso, amelala mapajani kwa mama yake, na uvimbe ukaonekana kwenye paja lake la kushoto. Safari hii hakuna aliyeuliza. Kila mama alisema, "Huyu kachomwa Penta."

Wakati huo nilikuwa nesi wa kliniki ya mama na mtoto katika zahanati moja ya kijijini wilayani Muheza, mkoani Tanga. Mwaka 2019 ndipo tulipoanza kutengeneza kijitabu cha picha cha kuwaeleza wazazi ratiba ya chanjo. Mchoraji alikuwa kijana wa hapo kijijini aliyezoea kuandika mabango ya maduka. Nia ya kwanza ilikuwa ndogo: mzazi ajue arudi lini. Lakini kila tulipomfuata nyumbani mama aliyeacha kurudi, maneno yalikuwa yaleyale. Mtoto alichemka usiku kucha, bibi yake akasema basi, au baba yake akasema sindano hizi ndizo zinazomletea mtoto maradhi. Tarehe walikuwa wanazijua, na kilichowazuia kurudi kilikuwa homa. Kwa hiyo kijitabu kilichoanza kama kalenda kikageuka kuwa kijitabu cha homa, na kalenda ikabaki ndani yake.

Nianze na kalenda hiyo, maana homa haieleweki bila yake. Mtoto akizaliwa hupata chanjo ya kifua kikuu, BCG, begani upande wa kulia, na matone ya polio mdomoni. Anaporudi akiwa na wiki 6 hupata matone ya polio tena, matone ya rota ya kukinga kuhara, sindano ya Penta paja la kushoto, na ya nimonia, PCV, paja la kulia. Wiki ya 10 ni hivyohivyo. Wiki ya 14 rota haipo tena, ila inaongezwa sindano ya polio. Kisha kuna kimya kirefu hadi miezi 9, ndipo inakuja sindano ya surua na rubela, na inarudiwa mtoto akiwa na miezi 18. Hiyo ndiyo ratiba tuliyokuwa nayo Tanzania wakati tunachora. Ratiba huongezwa chanjo kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo tuliandika kwenye jalada kwamba tarehe ya kufuata ni ile iliyoandikwa na nesi kwenye kadi ya kliniki.

Wiki 6 hazikutusumbua kuchora. Kwetu mzazi anakaa arobaini, na wiki 6 ni siku 42. Tulimchora mama anatoka nje ya nyumba na mtoto wake mgongoni, amejifunga kanga, na jua liko juu yake. Kila mtu aliona arobaini imekwisha. Wiki 10 na 14 ndizo zilizotupa kazi, kwa kuwa hakuna ahesabuye wiki kumi. Bibi mmoja aliyekuja na mjukuu wake ndiye aliyetupa njia. Aliuliza, "Leo si Jumanne, siku ya gulio? Basi mwambie huyu arudi gulio la nne." Tulichora magulio manne kwa mstari, mapakacha ya machungwa chini, na kwenye la nne tukamchora mama akiwa njiani kuja zahanati. Wiki nne kati ya dozi na dozi si tarehe ya kubahatisha. Ni muda mwili wa mtoto unaouhitaji ili ukumbuke kile ulichofundishwa na dozi iliyotangulia, na ukiufupisha, dozi inayofuata haifanyi kazi yake sawasawa. Akichelewa, mtoto anaendelea pale alipoishia, haanzi upya.

Sasa homa. Penta ni chanjo moja inayokinga magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na Hib, bakteria anayesababisha homa ya uti wa mgongo na nimonia. Katika hayo matano, kinacholeta joto zaidi ni sehemu ya kifaduro. Chanjo tunayotumia ina bakteria wa kifaduro mzima mzima, ila ameshauawa. Hawezi kuzaana wala kumwambukiza mtoto, lakini mwili unapomkuta pajani unamtambua mara moja kama mgeni na kuanza kupambana naye. Ndiyo maana homa ya Penta haichelewi. Mtoto akichomwa asubuhi, joto linaweza kupanda jioni au usiku wa siku hiyo, likakaa kesho yake, na likaondoka kabla siku mbili hazijaisha. Hadi nusu ya watoto hupata homa ya namna hii. Mama anayeambiwa hivi mapema hulala usiku ule kwa namna tofauti na yule ambaye hakuambiwa.

Surua na rubela ni habari nyingine kabisa. Virusi vilivyomo katika sindano hiyo viko hai, ila vimedhoofishwa. Vikiingia mwilini, vinahitaji muda wa kuongezeka kidogo ndipo mwili uvione na kuvishughulikia. Usiku wa sindano mtoto analala salama, mama anashukuru, wiki inapita. Kisha kati ya siku ya 7 na ya 12 mtoto anapata joto, pengine na vipele vichache vyekundu, na baada ya siku moja au mbili vinaondoka. Hawa ni wachache kuliko wale wa Penta, kati ya watoto 5 na 15 katika kila 100. Lakini homa hii ndiyo inayowachanganya wazazi zaidi, kwa sababu wakati inakuja hakuna tena anayeikumbuka sindano. Na mwenye kuikumbuka, akiona vipele, anasema chanjo ya surua imemwambukiza mtoto surua.

BCG haina homa ya kusubiri. Baada ya wiki mbili hivi panatokea kiuvimbe kidogo begani, kinapasuka, kinatoa usaha kidogo, kinakauka, na kinaacha kovu. Kinaweza kuchukua miezi. Tulichora bega hilo mara nne, kutoka kiuvimbe hadi kovu, na chini yake tukachora mkono uliofungwa, usioshika chochote, kwa kuwa watu walikuwa wanapaka majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa. Kidonda kile hakihitaji dawa wala bandeji.

Kuonyesha siku ya kwanza na siku ya saba kwenye karatasi kulitushughulisha kuliko yote. Mchoraji alianza na mishale, lakini kina mama wengi waliiona mishale ile kama vijiti vimeanguka chini. Akajaribu namba, nazo zikawaacha nje wasiosoma. Mwishowe alichora jua na mwezi kwa kupokezana. Kwenye ukurasa wa Penta kuna jua, sindano, mwezi, na chini ya mwezi ule wa kwanza mtoto amelala uso umekunjwa na mkono wa mama uko tumboni mwake. Kwenye ukurasa wa surua kuna sindano, kisha majua na miezi saba mtoto akiwa anacheza chini yake, halafu mkono wa mama tumboni. Niliwapa kurasa hizi mbili kina mama waliokuwa wakisubiri mizani, nikawaomba wanisimulie wanachokiona. Mmoja aliweka kidole juu ya kila mwezi mmoja mmoja, akafika kwenye mkono, akasema, "Kumbe hii inakuja baada ya wiki. Wa kwangu wa kwanza tulimpeleka kwa mganga."

Mkono tuliuchora tumboni kwa makusudi, si kwenye paji la uso wala kwenye vidole. Vidole vya mtoto vinaweza kuwa baridi wakati mwili unachemka. Nyumba nyingi hazina kipimajoto, na kiganja cha mama kwenye tumbo au kisogoni kinatosha kumwambia kwamba joto limepanda, ingawa hakiwezi kumwambia limepanda kiasi gani. Sisi zahanati tunapima kwapani, na kuanzia 37.5 tunaiita homa.

Kuna mtoto mmoja ambaye sheria yake ni tofauti, naye ana ukurasa wake peke yake. Ni yule ambaye hajatimiza miezi miwili. Ndiye huyohuyo anayepata Penta ya kwanza akiwa na wiki 6. Mtoto mdogo hivyo akipata maambukizi mazito kwenye damu, dalili pekee inaweza kuwa joto tu, au kuacha kunyonya tu. Hakuna mama, wala nesi, anayeweza kuangalia kwa macho na kuitenganisha homa ya Penta na homa ya ugonjwa huo. Kwa hiyo mtoto wa wiki 6 au 7 akichemka, aletwe aonwe, hata kama alichomwa jana na kila mtu ana hakika ni sindano. Tukimpima tukamkuta mzima, hasara ni matembezi.

Kwa aliyevuka miezi miwili, usiku wa kwanza unaweza kukaliwa nyumbani ikiwa ananyonya na anamtazama mama yake. Mpunguzie nguo. Wengi wetu, mtoto akichemka, tunamfunika mablanketi ili "atokwe jasho", na joto linazidi kupanda kwa kuwa halina pa kutokea. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, maana joto linakausha maji mwilini. Usimmwagie maji baridi. Yanamfanya atetemeke, na kutetemeka kunaongeza joto. Halafu ndiyo dawa, na hapa nataka nikae kidogo.

Jioni moja mama wa mtoto wa wiki 10 alinipigia simu. Mtoto alichomwa Penta ya pili asubuhi, sasa anachemka na analia. Kwenye kadi uzito wake ulikuwa kilo 4.8. Bibi wa mtoto alikuwa ameshaandaa robo ya kidonge cha panadoli cha watu wazima, ameisaga kwenye kijiko na maziwa ya mama, na amesema wampe kila baada ya saa nne hadi joto litulie. Mama alitaka tu nimhakikishie.

"Nipe bibi," nikamwambia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hii dawa ndiyo tuliyowalea nayo nyinyi wote?"

Ni kweli, nami nilimwambia ni kweli, na dawa yenyewe ndiyo hiyohiyo, parasetamoli. Ila hesabu ya kiasi inafuata uzito. Kila kilo moja ya mtoto inahitaji kati ya miligramu 10 na 15 kwa mara moja. Kilo 4.8 ni kati ya miligramu 48 na 72. Kidonge cha mtu mzima kina miligramu 500, na robo yake ni 125, karibu mara mbili ya kinachotakiwa. Robo moja peke yake si ya kumdhuru mtoto. Hatari iko kwenye kuirudia. Kila saa nne kwa siku nzima ni mara sita, jumla miligramu 750, wakati mtoto wa uzito huo hatakiwi kuvuka 288 kwa siku. Parasetamoli ikizidi hivyo siku mbili tatu inaumiza ini, na ini likiumia mtoto analegea, anatapika, na watu wanaona homa ndiyo imezidi, kwa hiyo wanamwongezea dawa.

Bibi aliuliza, "Basi nimpe thumuni?" Hapo nilimweleza kwamba kidonge hakikatiki thumuni kwa kisu cha jikoni. Kipande kimoja kinatoka kikubwa, kingine kidogo. Duka la dawa la pale sokoni lilikuwa bado wazi, baba wa mtoto akachukua pikipiki akanunua dawa ya maji. Nilimwambia anisomee kilichoandikwa kwenye chupa: miligramu 120 katika mililita 5. Mililita 2.5 basi ni miligramu 60, katikati ya 48 na 72. Mle kwenye boksi mlikuwa na kijiko cha plastiki chenye mstari wa 2.5, akatumia hicho. Kijiko cha chai cha nyumbani hakifai, kwa sababu hakuna vijiko viwili vya nyumba mbili vinavyochukua sawa. Dozi ya pili isipungue saa sita baada ya ya kwanza, na zisizidi nne kwa siku. Mtoto alipewa mara mbili tu. Kesho yake jioni joto halikuwepo.

Ile sentensi ya "nisomee kilichoandikwa kwenye chupa" ndiyo iliyozaa ukurasa mzima. Parasetamoli ya maji haiko ya aina moja. Kuna chupa ndogo za matone kwa ajili ya watoto wachanga zenye miligramu 100 katika mililita moja tu. Mtu akizoea mililita 2.5 za chupa ya kwanza, akazipima kutoka kwenye chupa ya matone, anampa mtoto miligramu 250. Mtoto ni yuleyule, mkono ni uleule, na dozi imezidi mara nne. Kuna pia dawa za mafua za maji ambazo ndani yake parasetamoli imo tayari. Mama anatoa hii kwa ajili ya homa na ile kwa ajili ya kamasi, kumbe ametoa moja mara mbili. Tulichora chupa mbili, moja kubwa moja ndogo, jicho likisoma ubavuni mwa kila moja, na pembeni tukaacha nafasi tupu. Nesi anaandika hapo kwa kalamu, siku ya sindano, uzito wa mtoto huyu na mililita za chupa iliyopo nyumbani kwake. Sikutaka kuchapa jedwali la umri. Watoto wawili wa wiki 10 wanaweza kupishana kilo mbili.

Aspirini haimo kabisa kwenye kijitabu, wala haitakiwi kwa mtoto.

Na si kila joto linataka dawa. Miongozo yetu ya kutibu watoto inatoa parasetamoli joto likifika 38.5. Nyumbani bila kipimajoto, mama atazame mtoto mwenyewe: akichemka lakini ananyonya na analala, aachwe alale. Kuna waliokuwa wanampa mtoto dawa kabla hata ya kuja kliniki, ili homa isije. Tuliwaomba waache. Mwaka 2009 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa watoto 459 wa Jamhuri ya Cheki. Waliopewa parasetamoli wakati wa kuchanjwa, kabla ya homa yoyote, walipata homa kidogo kuliko wenzao, lakini kinga waliyojenga kutokana na baadhi ya chanjo ilikuwa pungufu. Shirika la Afya Duniani nalo halishauri dawa hiyo itolewe kabla ya sindano au papo hapo. Dawa isubiri homa, na homa ikiwa ndogo isubiri zaidi.

Nirudi kwenye siku, kwa kuwa humo ndimo mzazi anapopata la kushika. Homa ya Penta inaanza ndani ya siku moja na kuisha ndani ya mbili. Ikianza siku ya tatu, si ya Penta. Ikivuka siku mbili, si ya Penta tena hata kama ilianza nayo. Muheza ni nchi ya mbu, na mtoto anayechemka nje ya siku zile ana jambo jingine, mara nyingi malaria. Tone la damu kidoleni au kisiginoni, kipimo cha haraka, na ndani ya dakika 20 jibu lipo. Nimewahi kumpokea mtoto aliyechemka siku ya nne baada ya Penta, wazazi wake wametulia kabisa kwa kuwa jirani aliwaambia ni chanjo tu. Kipimo kilikuwa na mistari miwili. Siku moja zaidi nyumbani ingempunguzia damu ambayo hakuwa nayo nyingi.

Hilo lilitufanya tubadilishe ukurasa wa surua. Toleo la kwanza lilionyesha homa ya siku ya saba na mama ametulia. Lilikuwa sahihi, lakini halikutosha. Zipo siku sita ambazo homa ya surua inaweza kuja, na katika siku hizo sita mbu hawajaacha kuuma. Mtoto mmoja wa miezi 9 aliletwa siku ya tisa, ana joto na vipele vichache mgongoni. Mama yake alikuwa amekariri kijitabu na aliniambia, kwa fahari kabisa, ni surua ya chanjo. Vipele kweli vilikuwa vya chanjo. Nilimpima malaria pia, na alikuwa nayo. Akaanza dawa mseto siku hiyohiyo, akapona. Tangu toleo la pili, chini ya mwezi wa saba mama hakai tena nyumbani. Amembeba mtoto, yuko mlangoni mwa zahanati. Mwenye kuishi mahali pasipo na malaria anaweza kuingoja homa hiyo siku mbili nyumbani kama mtoto anacheza, kwetu hapana. Kujua siku za homa ya chanjo kunamtoa mzazi hofu, lakini hakumpimii mtoto damu.

Ukurasa wa hatari tuliuweka katikati, karatasi ya rangi nyekundu, ili uonekane hata kijitabu kikiwa kimefungwa. Una picha chache: mtoto anakataa ziwa, mtoto anatapika kila anachomeza, mtoto amelegea haamki, mtoto anapumua mbio huku kifua kinabonyea, mtoto analia kwa saa tatu au zaidi bila kunyamaza, na mtoto katika degedege. Yoyote kati ya hayo, usiku au mchana, ni kuondoka. Kuna jingine ambalo halifiki nyumbani: mzio mkali wa chanjo, mtoto anavimba uso au anakosa pumzi. Ni nadra sana na huja ndani ya dakika chache, ndiyo sababu tunawaomba mkae kwenye benchi nusu saa baada ya sindano.

Degedege lilinipa mazungumzo marefu kuliko yote. Huku pwani wapo wazee wanaoamini kwamba degedege ni la kipepo, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Sikubishana nao juu ya pepo. Niliwaambia ninachokijua: homa ikipanda ghafla, ubongo wa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 unaweza kushtuka, mwili ukakakamaa na kutikisika, na mara nyingi dakika chache tu linapita. Wakati huo mlaze ubavu, mate yatoke, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmiminie chochote. Likipita, mlete, kwa kuwa degedege hilohilo linaweza kuwa la malaria kali au la homa ya uti wa mgongo. Na degedege la aliye chini ya miezi 6 lisihesabiwe kabisa kuwa ni la joto tu. Bibi mmoja alikubali mjukuu aletwe kwa sharti kwamba afukizwe kwanza. Nilimwomba afukizwe akirudi. Alifikiri, akasema sawa, tangulieni.

Safari inayofuata ya kliniki ina picha mbili tu. Ya kwanza, mama anamwambia nesi jambo, na nesi ameinama anasikiliza, kalamu bado iko mezani. Hapo ndipo pa kusema: alichemka usiku mmoja, au alipata degedege, au alivimba uso. La kwanza halizuii chanjo hata kidogo. Wala mafua na kikohozi chepesi havizuii. Mengine mawili nesi ayasikie kabla ya kufungua kichupa, kwa kuwa huenda daktari akahitajika kuamua kuhusu dozi inayofuata.

Picha ya pili ni ya miezi 18. Mtoto anatembea mwenyewe, ameshika kanga ya mama. Dozi hii ndiyo inayokoswa zaidi, kwa vile mtoto ameshakuwa na wazazi wanaona kliniki imekwisha. Lakini kati ya watoto 100 wanaochomwa surua wakiwa na miezi 9, kama 15 hawajengi kinga, kwa sababu kinga waliyorithi kwa mama bado imo mwilini na inaviondoa virusi vya chanjo kabla havijafundisha kitu. Hakuna anayejua ni akina nani kati yao, kwa hiyo wote wanarudia. Waliokwisha kupata kinga, virusi vya dozi ya pili havipati nafasi ya kuongezeka mwilini mwao, na homa inakuwa nadra kuliko mara ya kwanza. Mchoraji aliuliza kama basi aondoe mkono wa mama tumboni kwenye ukurasa huo. Nilimwambia auache, ila chini yake achore kile kipimo kidogo cha damu. Mtoto wa miezi 18 anayechemka wiki moja baada ya surua ya pili, kwa uwezekano mkubwa homa yake si ya sindano.